Pini Ipi Ipokee Kihisi? Namna ya Kusoma Mchoro wa Pini za ESP32

Katika vyuo vya ufundi na karakana ndogo za Nakuru na Kisumu, vijana wengi siku hizi wanatengeneza vifaa vya kupima unyevu wa udongo, joto la vyumba vya vifaranga au kina cha maji kwenye tangi. Lalamiko linalosikika mara kwa mara ni moja: waya zimeunganishwa, programu imekubali kupakiwa, lakini kihisi hakisomi, au kilisoma jana na leo kimenyamaza. Wengi huamua kwamba kihisi kimeungua, wakaenda kununua kingine, na hicho cha pili nacho kikawa vilevile. Mara nyingi kihisi ni kizima na programu haina kosa. Kilichokosewa ni pini. Kwa macho pini zote za bodi zinafanana, na tofauti zake zimeandikwa mahali pamoja tu, katika datashiti, tena kwa vifupisho ambavyo havijielezi.

Tuanze na maneno yenyewe. Maikrokontrola, kama ESP32, ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, yenye kazi ya kusoma hali ya vitu vilivyounganishwa nayo na kuviamuru. Pini ni miguu ya chuma ambayo umeme huingilia na kutokea. Kihisi ni kifaa kinachogeuza hali ya mazingira, kama joto au unyevu, kuwa ishara ya umeme. Datashiti ni waraka wa mtengenezaji unaoeleza chipu inaweza nini na haiwezi nini, na mchoro wa pini ni ule ukurasa unaoonyesha chipu ikitazamwa kutoka juu, kila mguu ukiwa na jina lake. Mchoro huo hauji peke yake. Baada yake huwapo jedwali la pini, na katika jedwali hilo ndimo mna habari inayotufaa zaidi.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue kazi moja na tuifuate hadi mwisho. Mkulima wa Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ana kibanda cha plastiki cha nyanya. Anataka kujua unyevu wa udongo na joto lake, na vipimo vitumwe kwa Wai-Fai hadi kwenye simu yake. Fundi ameamua kutumia moduli ya ESP32-WROOM-32, ambayo ndiyo iliyo kwenye bodi nyingi za bei nafuu. Kwa unyevu amechagua kihisi bapa cha kuchomeka ardhini kinachotoa volti zinazopanda na kushuka, na kwa joto amechagua DS18B20 iliyofungwa ndani ya mrija wa chuma usioingiza maji. Vihisi ni viwili, na tutaona kwamba pini inayomfaa mmoja inaweza kumkataa mwenzake.

Jambo la kwanza linalowapoteza watu katika mchoro ni namba. Kila pini ina namba mbili zisizohusiana. Moja ni ya mahali, yaani mguu wa ngapi ukihesabu kuanzia pembeni mwa moduli. Nyingine ni ya jina, yaani namba inayofuata herufi GPIO, kifupisho cha Kiingereza cha pini ya matumizi ya jumla. Katika datashiti ya moduli hii, mguu wa 6 ni GPIO34, mguu wa 14 ni GPIO12, na mguu wa 26 ni GPIO4. Programu haijui lolote kuhusu nafasi ya mguu. Ukiandika 6 katika programu ukidhani unasoma mguu wa sita, utakuwa umegusa GPIO6, ambayo ni pini isiyopaswa kuguswa kabisa, kama tutakavyoona. Anayetumia bodi za ESP8266 ana mtego mwingine wa aina hiyo, kwa kuwa alama D1 iliyochapishwa kwenye bodi ya NodeMCU ni GPIO5. Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka waya wowote, tafuta jina la GPIO la pini hiyo na ulishike hilo.

Sasa tusome mstari mmoja wa jedwali. Kwenye mstari wa mguu wa 10 utakuta jina IO25, kisha aina I/O, kisha msururu wa majina: GPIO25, DAC_1, ADC2_CH8, RTC_GPIO6, na jina moja zaidi la mtandao wa waya. Mtu anayeona msururu huo kwa mara ya kwanza hudhani pini inafanya yote hayo kwa wakati mmoja. Sivyo. Pini ni kama chumba cha darasa ambacho siku za wiki ni cha shule, Jumamosi jioni ni cha mkutano wa chama, na Jumapili ni kanisa: chumba ni kilekile, matumizi ni mengi, lakini huwezi kuwa na somo la hesabu na ibada ndani yake saa ileile. Majina yaliyo kwenye mstari ni orodha ya wanaoruhusiwa kutumia chumba. Programu yako ndiyo huamua ni nani anayeingia, isipokuwa pale ambapo mwenye chumba amekwisha kutoa ufunguo kwa mwingine.

Safu ya aina ni fupi, nayo huokoa muda mwingi. Herufi P ni pini ya umeme wa kuendeshea chipu, I ni pini inayopokea tu, na I/O ni pini inayoweza kupokea na kutoa. Katika ESP32, pini GPIO34, GPIO35, GPIO36 na GPIO39 zimeandikwa I peke yake. Haziwezi kuwasha taa wala kutuma amri, na ndani yake hazina rezista ya kuvuta volti juu wala ya kuvuta chini. Zinasikiliza tu. Weka hilo akilini, kwa sababu litaamua mambo mawili mbele.

Njia nyepesi ya kuchagua ni kuanza kwa kufuta zisizofaa. GPIO6 hadi GPIO11 zinaondoka mara moja, kwa kuwa ndani ya moduli zimeunganishwa na kumbukumbu ya flashi inayohifadhi programu yenyewe. Baadhi ya bodi zenye miguu 38 zimezitoa nje na kuzichapisha majina kama CLK, CMD, SD0 na SD1, na kuna imani iliyoenea kwamba hapo ni mahali pa kuunganishia kadi ya kumbukumbu au kihisi. Imani hiyo ni potofu; ukivuta mojawapo ya pini hizo, chipu hushindwa kusoma programu yake na kujizima katikati ya kazi. GPIO1 na GPIO3 nazo tuziache, maana ndizo zinazozungumza na kompyuta kupitia kebo ya USB. Kama moduli yako ni ya aina ya WROVER, ondoa pia GPIO16 na GPIO17, zinazotumiwa na kumbukumbu ya ziada.

Kihisi cha unyevu kinatoa ishara ya analogi, yaani volti inayobadilika taratibu badala ya kuwa ndiyo au hapana. Kinahitaji pini yenye kipimia volti, na katika jedwali kipimia hicho huandikwa ADC. Hapo ndipo watu wengi hukomea: wanaona ADC, wanachomeka waya. Lakini ESP32 ina vipimia viwili, na ile tarakimu moja iliyo baada ya ADC ina uzito mkubwa. ADC1 iko kwenye GPIO32 hadi GPIO39, ambazo katika moduli hii sita tu ndizo zilizotolewa nje: 32, 33, 34, 35, 36 na 39. ADC2 iko kwenye GPIO 0, 2, 4, 12, 13, 14, 15, 25, 26 na 27.

Tatizo ni kwamba redio ya Wai-Fai inatumia ADC2 kwa kazi zake yenyewe. Redio ikiwa imewashwa, ufunguo wa chumba uko kwake, na programu yako ikiomba kupima volti kupitia ADC2 haipati kipimo. Hii ndiyo sababu ya lile fumbo la kihisi kilichosoma jana na leo kimenyamaza. Fundi wetu akiunganisha kihisi cha unyevu kwenye GPIO25 na kukijaribu mezani kwa programu fupi isiyo na mtandao, namba zitapanda na kushuka vizuri kila akikichovya majini. Atafurahi, ataongeza sehemu ya Wai-Fai, na papo hapo namba zitaganda kwenye thamani moja, kama 0 au 4095, hata akikichovya na kukitoa majini mara nyingi. Atashuku mtandao, atashuku chaja, atashuku kihisi. Jaribio la kuthibitisha ni rahisi: zima sehemu ya Wai-Fai katika programu na usiguse waya wowote. Vipimo vikirudi, kihisi ni kizima na tatizo ni ADC2.

Kwa hiyo kihisi cha unyevu lazima kiende ADC1. Kati ya zile sita, ni busara kukipa GPIO34, kwa sababu kihisi hiki hakihitaji kuambiwa kitu. Kinatoa volti na pini inazipokea. Tukikiweka pale tunazibakiza GPIO32 na GPIO33, zenye uwezo wa kupokea na kutoa, kwa kazi nyingine. Hapa pia kuna dhana ya kuondoa. GPIO36 na GPIO39 huchapishwa kwenye bodi nyingi kama VP na VN, na katika datashiti huitwa SENSOR_VP na SENSOR_VN. Wapo wanaosisitiza kwamba kwa kuwa zimeitwa hivyo, basi kila kihisi lazima kiunganishwe hapo. Jina hilo halilazimishi kitu. Ni pini za kupokea za ADC1 kama GPIO34 na GPIO35, zenye mipaka ileile.

DS18B20 ni kisa kingine kabisa. Kihisi hiki cha joto hakitoi volti za kupimwa, bali hutuma namba kwa dijitali kupitia waya mmoja, na hakisemi mpaka kiulizwe. Chipu huuliza kwa kuushusha waya huo hadi sifuri kwa muda mfupi, kisha huuachia na kusikiliza jibu. Maana yake ni kwamba pini yake lazima iweze kutoa na kupokea. Ukiunganisha DS18B20 kwenye GPIO35, pini haitaweza kuushusha waya, swali halitatoka, na maktaba ya programu inayotumiwa na wengi itakurudishia joto la -127. Namba hiyo si joto la mahali popote duniani. Ni alama kwamba hakuna kihisi kilichojibu.

Tena waya huo unahitaji rezista ya kiloomu 4.7 kati yake na volti 3.3, ili uwe juu wakati hakuna anayeongea. Rezista hiyo ndiyo inayotuingiza katika mtego ninaouona kuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu mchoro wa pini hauuonyeshi.

Datashiti ina sehemu fupi yenye kichwa `Strapping Pins`. Sehemu hiyo inaeleza pini ambazo chipu huzichungulia katika nukta ile ya kuwaka, kabla programu yako haijaanza, ili kuamua iwakeje. Katika ESP32 pini hizo ni GPIO0, GPIO2, GPIO5, GPIO12 na GPIO15. GPIO0 ikiwa chini wakati huo, chipu haiendeshi programu bali inakaa ikisubiri kupakiwa nyingine. GPIO12 huamua volti ya kumbukumbu ya flashi: ikiwa chini, flashi hupewa volti 3.3, ikiwa juu, hupewa volti 1.8. Moduli ya WROOM-32 ina flashi ya volti 3.3, na ndani ya chipu kuna rezista dhaifu inayoishikilia GPIO12 chini ili mambo yaende sawa.

Sasa mwazie fundi aliyetazama jedwali, akaona mbele ya IO12 imeandikwa I/O, akaridhika na kuunganisha DS18B20 hapo pamoja na rezista yake ya kiloomu 4.7. Rezista hiyo ina nguvu kuliko ile ya ndani, kwa hiyo pini inakuwa juu umeme unapoingia. Chipu inaipa flashi volti 1.8, flashi haisomeki, na kwenye kioo cha kompyuta yanajirudia maneno haya bila kukoma:

```
flash read err, 1000
```

Kinachopotosha ni kwamba hitilafu hii inaweza kujificha mchana kutwa. Ikiwa rezista iliwekwa bodi ikiwa tayari imewaka, programu huendelea kusoma joto vizuri, kwa maana uamuzi ulikwisha kufanyika. Kisha usiku umeme unakatika, unarudi, na kifaa kinagoma kuwaka. Mkulima anasema kimeharibiwa na umeme wa ghafla, na kwa jinsi mambo yalivyo kila mtu anamwamini. Dalili ya kutofautisha ni kuchomoa waya wa kihisi kwenye GPIO12 na kuwasha upya: kifaa kikiwaka, hakikuungua, pini ndiyo iliyokosewa.

Tunakihamishia wapi? GPIO27 inafaa. Iko aina ya I/O, haimo kati ya zile tano za kuwaka, na haigusi flashi. Msomaji makini atapinga kwamba GPIO27 ni ya ADC2, na tumesema ADC2 haifanyi kazi pamoja na Wai-Fai. Pingamizi hilo linatokana na dhana iliyoenea kwamba pini zote za ADC2 hufa redio ikiwaka. Kinachozuiwa ni kipimia volti tu. Kama matumizi yako ni ya dijitali, kama yalivyo ya DS18B20, pini hiyo iko huru, Wai-Fai iwake au izimwe.

Tumebakiwa na volti. ESP32 inaendeshwa kwa volti 3.3, na datashiti inaweka kikomo cha volti inayoingia kwenye pini kuwa volti ya umeme wake ukijumlisha 0.3, yaani takriban 3.6. Pini za ESP32 hazikutengenezwa kupokea volti 5. Zipo bodi zilizowahi kupewa volti 5 zikaendelea kufanya kazi, na hilo limewafanya wengine waamini kwamba hakuna madhara. Pini inaweza kustahimili kwa muda na kufa baadaye, na mtengenezaji hakuahidi vinginevyo. Kwa hiyo vihisi vyetu vyote viwili vipate umeme kutoka pini ya 3V3, wala si VIN. Angalia pia chipu ndogo iliyo kwenye kihisi cha unyevu. Ikiwa imeandikwa NE555, inahitaji angalau volti 4.5 na haitafanya kazi vizuri kwa 3.3, iliyoandikwa TLC555 ndiyo ya kununua kwa kazi hii.

Kabla ya kuunganisha waya wa ishara, kipe kihisi umeme na upime volti zake kwa multimita, kwanza kikiwa kikavu hewani, kisha kikiwa kwenye glasi ya maji hadi alama yake. Volti hushuka unyevu unapoongezeka. Wengi hutarajia kinyume. Namba hizo mbili ziandike, kwa sababu kipimia cha ESP32 si sahihi katika upana wake wote. Kwa mpangilio wake mpana zaidi husoma vizuri kati ya takriban volti 0.15 na 2.45, na juu ya hapo namba hupinda kisha hukwama. Kama kihisi chako kikikauka hutoa volti 2.6, ujue kwamba ukavu wa mwisho kabisa hautapimika vyema. Kwa nyanya, ambazo zinapaswa kumwagiliwa kabla udongo haujafikia hali hiyo, upungufu huo unavumilika.

Mwisho wa uchaguzi, waya wa unyevu uko GPIO34, waya wa joto uko GPIO27 pamoja na rezista yake, umeme wa vyote unatoka 3V3, na waya za GND zote zimekutana. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya GPIO34 na GND, karibu na bodi, hupunguza kurukaruka kwa namba. Programu ya kuthibitisha upande wa unyevu ni fupi, na nimeiandika Wai-Fai ikiwa imewashwa makusudi, kwa kuwa jaribio lisilo na redio halithibitishi kitu. Jina na nywila ya mtandao uyaweke yako.

```cpp
#include <WiFi.h>
const int UDONGO = 34;

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  WiFi.begin("jina", "nywila");
}

void loop() {
  Serial.println(analogReadMilliVolts(UDONGO));
  delay(1000);
}
```

Namba zinazotokea ni milivolti, kwa hiyo zilinganishe na zile ulizoandika kutoka kwenye multimita. Zikikaribiana, pini ni sahihi. Kisha chomoa umeme na kuuchomeka tena mara kadhaa, vihisi vyote vikiwa vimeunganishwa, kwa sababu makosa ya pini za kuwaka hujionyesha katika nukta hiyo pekee.

Hesabu hizi zote ni za ESP32 ya awali. Majina ESP32-S3 na ESP32-C3 yanafanana nayo, lakini mpangilio wa pini zao ni tofauti, na anayenakili namba 34 kutoka kwenye mradi wa mtu mwingine hadi kwenye C3 hataikuta pini hiyo kabisa. Fungua datashiti ya moduli iliyo mkononi mwako, na kama bodi ina mchoro wake, uusome pia, maana bodi nyingine zimekwisha kuunganisha taa kwenye GPIO2. Na mkulima akitaka kupima unyevu katika sehemu nyingi za kibanda, pini sita za ADC1 ndizo kikomo. Kihisi cha saba kitahitaji chipu ya nje ya kupimia volti, kama ADS1115, ambayo hupokea vihisi vinne na kuzungumza na ESP32 kwa waya mbili tu, kwa kawaida GPIO21 na GPIO22.